Benki yataka kuninunulia madeni yote kwa asilimia 18, nikubali ama niache?

Shangazi shikamoo. Mimi ni karani kwa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Shimanzi na nakaa Likoni. Madeni yamenikaba. Sako nadaiwa 240,000, riba asilimia 12 kwa mwaka, nakatwa 11,300 kwa mshahara na imebaki miezi 24. Alafu kuna kampuni ndogo ya mikopo walinipa 120,000 kwa asilimia 20 ya mwaka mmoja, nalipa 12,000 kila mwezi, imebaki miezi 8, nimewauliza nikitaka kufunga leo ni ngapi wakasema 90,000. Mikopo ya simu jumla 30,000, hiyo kila mwisho wa mwezi nalipa na asilimia 7.5 juu alafu siku hiyo hiyo nakopa tena manake nikilipa nabaki mkono mtupu. Na mjomba wangu ananidai 40,000, hana riba, nampa 2,000 kwa mwezi. Yote ni laki nne kamili.

Sasa benki ninayopokelea mshahara wamesema watanipa 400,000 nifunge yote, asilimia 18 ya salio linalopungua, miaka 4, nitakua nalipa 11,750 tu!! Saa hii natoa 27,550 kila mwezi. Ada yao ni asilimia 3 na bima asilimia 1.5, zinakatwa humo humo kwa mkopo. Mimi nimejumlisha 12 na 20 na 90 ya simu nikagawa kwa 3 nikapata karibu 41. Asilimia 41 na 18 shangazi, si hapo hata hakuna kufikiria? Fomu ninayo kwa mkoba, sijasaini.

Mwenye madeni, Likoni

---

Marahaba mwanangu. Hiyo fomu iache huko huko kwa mkoba kwanza.

Nakupa hongera kwa kitu kimoja, umekuja na namba zote, wengi wananiandikia "nadaiwa kila mahali" basi, siwezi kuwasaidia. Lakini hiyo 41 yako haipo. Huwezi kujumlisha asilimia za madeni tofauti ukagawa kwa idadi ya madeni, manake hapo umeipa ile 30,000 ya simu nguvu sawa na 240,000 ya sako, na mjomba hata humkuhesabu. Ukimimina kikombe cha maji ya moto kwenye ndoo ya maji baridi, maji ya ndoo hayawi nusu moto nusu baridi, si ndio? Riba nayo inachanganyika hivyo hivyo, kila deni linavuta wastani kulingana na ukubwa wake.

Kwa hivyo njia ni kutafuta kila deni linakula shilingi ngapi kwa mwaka, ujumlishe hizo shilingi, alafu ugawe kwa deni lote. Twende moja moja.

Sako ni rahisi, 240,000 mara asilimia 12 ni 28,800. Sako yako inahesabu kwa salio linalopungua, nimejua kwa sababu hiyo 11,300 unayokatwa kwa miezi 24 inaingia sawa na asilimia 1 ya salio kila mwezi.

Simu, 30,000 mara asilimia 7.5 ni 2,250 kila mwezi, mara 12 ni 27,000. Angalia hiyo tena. Mkopo wa 30,000 unakula karibu sawa na mkopo wa 240,000. Na zile 2,250 hazipunguzi deni hata senti, unalipia ruhusa ya kukopa tena.

Mjomba sifuri. Lakini anaingia kwa hesabu kwa sababu ni 40,000 ya kweli, na benki wamemweka ndani ya ile laki nne.

Sasa hii kampuni ndogo ndio inataka tukae nayo, na hapa ndipo watu wengi wanapotea, hata wenye kujua hesabu.

Hiyo asilimia 20 yako ni ya flati. Walichukua 120,000 wakapiga asilimia 20 wakapata 24,000, wakajumlisha 144,000, wakagawa kwa miezi 12, ndio 12,000 yako. Yaani kila mwezi unalipa riba ya 120,000 nzima hata ile miezi ya mwisho ambayo mkononi umebaki na elfu kumi za watu. Ukiigeuza iwe lugha moja na benki na sako, yaani riba ya salio linalopungua, asilimia 20 ya flati kwa miezi 12 inatoka kama asilimia 35 kwa mwaka. Kwa mikopo ya mwaka mmoja hivi au miwili, ukiambiwa flati, piga karibu mara mbili kichwani, haitakua sawa kabisa lakini utakua karibu na ukweli kuliko yule aliyekutajia 20.

Basi mtu akijua hivyo atachukua hiyo 35 aiweke kwa hesabu. 90,000 mara asilimia 35 ni 31,500. Jumla ya kila kitu inakua 28,800 na 27,000 na 31,500, ni 87,300 kwa mwaka, gawa kwa 400,000 unapata asilimia 21.8. Benki anasema 18. Mtu huyo atasaini na atajiona mjanja.

Tatizo ni kwamba 35 ni bei ya mkopo tangu siku ya kwanza, na wewe hauko siku ya kwanza, ushalipa miezi minne. Swali lako si mkopo ule uliuchukua kwa bei gani, hiyo imepita, swali ni kuanzia leo ukiuacha uendelee utakugharimu nini kuliko kuufunga. Wamekwambia kufunga leo ni 90,000. Ukiendelea kulipa 12,000 mara 8 ni 96,000. Kwa hivyo kufunga kunakuokolea 6,000 tu. Sehemu kubwa ya riba iliyobaki wameshaiweka ndani ya hiyo 90,000, utailipa ukiondoka na utailipa ukibaki. Deni lenyewe kwa vitabu vyao vya flati limebaki 80,000, ile elfu kumi ya juu ni riba ya miezi ambayo haijafika bado.

Sasa lipa 96,000 kwa miezi 8 ili kufuta 90,000 ya leo, hiyo ni riba gani? Inatoka asilimia 17.5 kwa mwaka. Kutoka 35 hadi 17.5, na mkopo ni ule ule, kilichobadilika ni siku unayouliza na bei ya kutoka. Wangekwambia kufunga ni 96,000 ingekua asilimia sifuri, yaani kuufunga mapema kwa pesa ya kukopa ungekua unanunua hasara.

Usiniamini mimi, fungua Google Sheets kwa simu yako ama Excel ya hapo ofisini, andika hizi mbili kwenye visanduku viwili:

```
=RATE(8,-12000,90000)*12
=RATE(48,-11750,382000)*12
```

Ya kwanza ni kampuni ndogo, miezi iliyobaki, malipo ya mwezi (weka alama ya kutoa mbele), alafu pesa ya kufunga leo. Itakupa 0.175 hivi. Ya pili ni benki yako, nakuja nayo sasa hivi.

Turudi kwa mchanganyiko. Kampuni ndogo sasa ni 90,000 mara asilimia 17.5, sawa na 15,750. Ongeza 28,800 ya sako na 27,000 ya simu unapata 71,550. Gawa kwa 400,000. Asilimia 17.9. Hiyo ndio riba ya madeni yako yote yakichanganywa, si 41.

Upande wa benki nako si 18. Ada asilimia 3 ya 400,000 ni 12,000, bima asilimia 1.5 ni 6,000, jumla 18,000 na umesema zinakatwa humo humo. Maana yake kwa akaunti yako itaingia 382,000 lakini riba utalipa ya 400,000. Ile fomula ya pili ndio inauliza hivyo, miezi 48, malipo 11,750, pesa uliyoishika kweli 382,000. Jibu ni kama asilimia 20.6. Na bado hiyo 382,000 haifungi madeni ya 400,000, utabaki na shimo la 18,000 na najua utaliziba na nini, utaliziba na simu.

Kwa hivyo mezani ni 17.9 upande wako na 20.6 upande wa benki. Mkopo mpya ni ghali kuliko madeni yako yalivyo leo. Na madeni yako yalivyo leo ni mabaya, sikatai, ila huu ni mbaya zaidi.

Najua utaniambia shangazi lakini 11,750 na 27,550, tofauti ni karibu 16,000 kila mwezi, hiyo ni kodi na stima na karo. Kweli. Lakini tazama hiyo nafuu inatoka wapi. Haitoki kwa riba, riba tumeona imepanda. Inatoka kwa muda. Kampuni ndogo inaisha miezi 8, sako inaisha miezi 24, wao wamekuvutia yote hadi miezi 48. Kwa shilingi, 11,750 mara 48 ni 564,000, toa 382,000 uliyopokea, gharama ni 182,000. Ukiacha mambo kama yalivyo je? Sako utalipa riba ya 31,200 hadi iishe, kampuni ndogo ile 6,000, na simu tuseme unaendelea kuzungusha 2,250 hadi mwezi wa 8, alafu ile 12,000 ikiachiliwa unaigeuzia simu yote, mwezi wa 11 imekufa, jumla ya riba ya simu kama 22,000. Zote pamoja kama 59,200. Kwa 182,000.

Mtu wa benki atasema si haki kulinganisha miaka miwili na miaka minne, na ana pointi, basi tumpe nafasi. Tuseme umechukua mkopo wake lakini unajikaza unalipa ile ile 27,550 kila mwezi badala ya 11,750. Utamaliza kama miezi 17, riba kama 54,000, ongeza ile 18,000 ya ada, ni 72,000 hivi. Bado umepita 59,200. Na hapo nimechukulia hakuna faini ya kulipa mapema, ambayo zingine wanayo, na kwamba riba haitapanda, na mikopo mingi ya benki huku kwetu riba yake inaweza kupandishwa ukiwa katikati ya safari. Na tusidanganyane, mwanangu, ukipewa nafasi ya kulipa 11,750 hutalipa 27,550.

Kitu kingine kwenye wastani watu hawakitazami. Hiyo 17.9 ni ya leo, haikai hapo. Deni lako la bei mbaya ni dogo na linaweza kufa haraka, na likifa wastani unaporomoka wenyewe. Mkopo wa benki ile 20.6 unabaki nayo hadi mwisho. Kwa hivyo hata kama zingekua sawa leo, 18 kwa 18, bado ungekua unabadilisha wastani unaoshuka kwa bei iliyosimama.

Sasa dawa. Rudi uangalie zile shilingi, 71,550 kwa mwaka, na 27,000 ndani yake inatoka kwa simu peke yake. Deni la simu ni asilimia 7.5 ya madeni yako yote (imetokea tu namba imefanana na riba yao) lakini linabeba karibu asilimia 38 ya gharama. Ugonjwa wako ni 30,000 mwanangu, si 400,000. Ukiitoa hiyo simu, iliyobaki ni 370,000 inayokula 44,550, wastani asilimia 12. Kumi na mbili! Hakuna benki itakayokupa mkopo wa mshahara kwa bei hiyo.

Nenda sako yako uulize mkopo wa dharura. Sako nyingi unao, unatoka haraka, unalipwa kwa miezi 12 na mara nyingi riba ni ile ile asilimia 1 kwa mwezi, na unaruhusiwa kuwa nao hata ukiwa na mkopo mkubwa unaoendelea, ila uliza yako wana masharti gani na wadhamini wangapi. Kama ni asilimia 12, mkopo wa 30,000 kwa miezi 12 unalipa kama 2,665 kila mwezi. Leo unawapa simu 2,250 na deni halisongi. Kwa kuongeza 415 tu, ndani ya mwaka limeisha, na riba yake yote ni kama 2,000. Gharama ya jumla inashuka kutoka ile 59,200 hadi 39,000 na kitu.

Mshahara usikutie hofu, sheria ya kazi ya Kenya inasema makato yote yasizidi theluthi mbili ya mshahara, kwa hivyo mwombe mtu wa mishahara hapo ofisini akuangalilie kama 2,665 inaingia kabla hujajaza fomu ya sako, wasije wakaikataa mbele ya wadhamini ukaaibika bure.

Hiyo 415 itoke wapi, manake najua mwezi ushabana. Itoke kwa mjomba. Mpigie, usimwandikie ujumbe, mjomba anapigiwa, mwambie umepanga madeni yako na unamwomba apumzike miezi 8 hadi ile kampuni ndogo iishe, alafu utamlipa 4,000 badala ya 2,000. Deni lisilo na riba ndilo la mwisho kulipwa, na nashangaa afisa wa benki alivyomweka mjomba kwa orodha, yaani achukue 40,000 ya bure aigeuze kuwa 40,000 ya asilimia 20. Nafikiri alikua anatafuta namba nzuri ya kuripoti kwa bosi wake, laki nne inapendeza kuliko laki tatu na sitini. Mjomba akikubali una 2,000 mkononi, 415 inaenda sako na 1,585 inakubakia.

Na hiyo 1,585 ina kazi. Ulisema ukilipa simu unabaki mkono mtupu ndio maana unakopa tena, basi hiyo ndio shimo lenyewe. Siku pesa ya sako inaingia, lipa simu zote siku hiyo hiyo. Watakupongeza kwa ujumbe na kiwango watakipandisha, kila ukilipa vizuri wanakuongezea, hapo ndipo wengi wanarudi na sasa wana mkopo wa sako NA wa simu. Ukirudi, kila nilichokuhesabia hapa kimekufa na wastani wako utakua mbaya kuliko ulivyoniletea. Futa aplikesheni, na 1,585 iweke mahali usipoweza kuitoa kwa kubonyeza mara mbili.

Kama mjomba atakataa na sako watakataa, hapo mambo ni mengine, na sitaki useme shangazi alinikataza benki. Benki ina nafasi yake. Kama mwezi ujao huwezi kabisa kutoa 27,550, yaani ni kushindwa si kubanwa, basi kurefusha muda ni bora kuliko kulala na deni hadi upelekwe CRB. Lakini hata hapo usichukue 400,000. Sako iache ilivyo, hiyo ni 12, kuiondoa ukaiweka kwa 20.6 ni kujichoma mwenyewe. Mjomba mwache. Omba benki 30,000 ya simu tu, ama 120,000 ya simu na kampuni ndogo kama ile 12,000 ndio inayokuua, na omba miezi 18 si 48. Waambie wakupe ratiba ya marejesho na gharama yote ya mkopo kwa maandishi kabla ya kusaini, ada na bima zikiwa ndani, alafu uipitishe kwa ile fomula yangu, pesa inayoingia mkononi ndio unayoweka mwisho, si ile iliyoandikwa juu ya fomu.

Kuna faida moja ya mkopo wa benki sijaitaja na ni haki niitaje, ukifunga sako wadhamini wako wanaachiliwa. Kama kuna mdhamini anakusumbua kila mkikutana feri kwa sababu anataka kukopa na akiba yake imefungwa kwako, hiyo ina thamani ambayo haionekani kwa asilimia. Wewe hukulalamikia hilo kwa hivyo nalipita.

Mwisho ile kampuni ndogo. Umesema "wakasema 90,000". Nani alisema, kwa simu ama kwa barua? Nenda ofisini kwao uombe barua ya kufunga mkopo, iwe na tarehe, iwe imegawanywa deni lenyewe ngapi, riba ngapi, faini ngapi. Utaona ile 80,000 na ile 10,000 zimekaa mbali mbali na hapo una mahali pa kushika. Kwa 90,000 hakuna maana ya kusumbuka, hata ukiipeleka sako kwa asilimia 12 utaokoa kama 1,900 na ada ya sako inaweza kuila yote. Lakini waambie riba ya miezi ambayo haijafika waitoe, ukiwapa pesa yote siku moja. Wakikubali 80,000 na sako wakakuongezea, miezi ile ile 8 utalipa kama 10,455 kwa mwezi badala ya 12,000, na unaokoa zaidi ya 12,000 kwa jumla. Wengine wanakataa kata kata, wengine ukikutana na meneja wa tawi mwisho wa mwezi anatafuta marejesho anakubali kabla hujamaliza kuongea, kwa hivyo nenda tarehe 28 ama 29, na usiende na fomu ya benki, wasijue una haraka.